Buibui wa mchezo: mambo ya kupima kabla hujamtembeza

Asubuhi za Juni hapa Uyole baridi inauma, na buibui wa dirishani kwangu hutembea kama mzee anayetafuta fimbo. Ndipo nilipomwona vizuri: mguu wa kwanza na wa tatu wa kushoto vikinyanyuka, vinakwenda karibu sawia na wa pili na wa nne wa kulia. Minne mingine imeshika kioo. Kisha makundi hayo mawili yanabadilishana zamu.

Kwenye mchezo wa kompyuta hatuhuishi miguu hiyo mmoja mmoja kwa mkono. Kila mguu una lengo, yaani nukta iliyofungwa kwenye kiwiliwili na kusogea nacho. Unyayo wenyewe umegandishwa ardhini. Kiwiliwili kikienda mbele, lengo linauacha unyayo nyuma. Umbali kati yao ukizidi kizingiti, mguu unapiga hatua. Hayo ni mepesi kuandika, lakini bila vipimo utapoteza jioni nzima ukibahatisha namba. Mimi nilipoteza tatu.

Kwa hiyo anza na karatasi, na anza na mguu wa nyuma. Tuseme paja ni mita 0.6 na muundi 0.7, basi mguu ukinyooka kabisa unafika 1.3. Nyonga iko mita 0.5 juu ya ardhi, na lengo liko 0.8 nyuma yake. Ukiweka kizingiti cha 0.4, unyayo utachelewa hadi mita 1.2 kutoka chini ya nyonga. Piga Pithagorasi: 1.44 jumlisha 0.25 ni 1.69, na kipeuo chake ni 1.3 kamili. Mguu umenyooka kama mti wa uzio kabla hata haujaruhusiwa kunyanyuka, na goti litaruka-ruka kwa sababu halina tena pa kukunjia. Nilidhani hesabu yangu ya goti ndiyo mbovu, nikaiandika upya mara mbili, kumbe tatizo lilikuwa kizingiti. Kishushe hadi 0.3 na mguu unabakiwa na sentimita tisa hivi za kupumulia. Kama buibui wako anarudi kinyumenyume pia, pima na miguu ya mbele vilevile.

Cha pili ni muda wa hatua, kwa sababu mwili hausimami kuusubiri mguu. Kasi ikiwa mita 1 kwa sekunde na hatua ikichukua sekunde 0.2, mwili unasogea mita 0.2 wakati unyayo uko hewani. Ukiutuma pale lengo lilipokuwa, utatua tayari umechelewa 0.2. Kisha lazima usubiri kundi la pili limalize zamu yake, hivyo unachelewa 0.2 nyingine. Jumla 0.4, na tumerudi kwenye mguu ulionyooka. Tuma unyayo mahali lengo litakapokuwa, na kasi humu iwe vekta yenye mwelekeo wa mwili:

```gdscript
var umbali = unyayo.distance_to(lengo)
if umbali > kizingiti and kundi_lingine_liko_chini():
    anza_hatua(lengo + kasi * muda_hatua)
```

Sasa unatua juu ya lengo, na zamu ya wenzake ikiisha umechelewa 0.2 tu. Hapo pia unaona kasi ya juu kabisa ya buibui, ile inayomfikisha kizingitini zamu ikiisha: 0.3 gawanya kwa 0.2, mita 1.5 kwa sekunde. Ukitaka akimbie zaidi, fupisha muda wa hatua. Ukigusa kizingiti, mguu wa nyuma utakukumbusha.

Nukta ile mpya usiiamini ilivyo, irushie mwale wa kutafuta ardhi kutoka juu. Juu kiasi gani? Mandhari yangu ni mteremko unaofanana na Mlima Loleza wa hapa Mbeya, wa nyuzi 45 sehemu nyingine. Mita 0.8 mbele ya nyonga ardhi imeshapanda 0.8, na nyonga iko 0.5 tu. Mwale unaoanzia usawa wa nyonga unaanzia ndani ya mlima, unakosa uso wa ardhi, na mguu unazama. Kwa mteremko huo nauanzisha mita 1 juu ya nyonga, mpaka pale mwili wenyewe utakapojifunza kuinama na kilima.

Limebaki jambo dogo la kuanzia. Nyayo zote nane zikiwekwa juu ya malengo yake, zote zitavuka kizingiti kwenye fremu ileile, na kundi lililotangulia kwenye orodha ndilo litakaloondoka, huku jingine likibaki na deni. Hatua za mwanzo zinaonekana kama kuchechemea. Lisogeze kundi moja mbele kwa sentimita 15, nusu ya kizingiti, kabla hajaondoka. Na chora tufe jekundu kwenye kila lengo, la kijani kwenye kila unyayo, uyaache mpaka mwisho wa kazi: akisimama, utaona mengine hayajakutana, kwa kuwa umbali wao haujafika 0.3. Hapo mwongezee sharti kwamba akitulia nusu sekunde, kizingiti kishuke hadi 0.05, na makundi yajipange kwa zamu zilezile.