Namna ya kumshawishi mganga mfawidhi akubali kikao cha kusimama cha dakika 10 badala ya warsha ya siku mbili

Mwongozo huu unamhusu msimamizi wa kitengo katika kituo cha afya ambaye mkuu wake amekwisha kutamka neno warsha, na yeye anaamini kwamba tatizo lililopo halihitaji warsha. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kituo chenye watumishi 14, ambako mgonjwa anaandikiwa dawa, anafika dirisha la famasia na kuambiwa imeisha, anarudi kwa daktari kubadilishiwa, kisha anapanga foleni upya. Malalamiko yamemfikia mganga mfawidhi, naye anataka watumishi wote wakae siku mbili wajifunze usimamizi wa dawa.

Hatua ya 1: Thibitisha kwamba kinachokosekana si elimu

Kabla ya kuandika chochote, mfuate kila mhusika peke yake na umuulize swali moja: dawa ikishuka chini ya kiwango cha chini, unapaswa kufanya nini? Majibu yakitofautiana sana, au watu wakibabaika, basi mkuu wako ana haki, na pendekezo lako uliweke kando, kwa sababu hakuna kikao kifupi kinachoweza kumfundisha mtu asichokijua. Wote wakijibu sawasawa, elimu wanayo, na kinachokwama ni taarifa.

Katika mfano wetu, kadi ya stoo ilionyesha Jumanne kwamba vidonge vya amoksilini vya watoto vimebaki pakiti nne. Mtunza stoo aliliona hilo na akaliandika vizuri kabisa. Daktari alikuja kulijua Ijumaa, tena kutoka kwa mama aliyerudishwa na cheti mkononi. Siku hizo tatu kati ya Jumanne na Ijumaa ndizo hoja yako kuu. Mkuu anaweza kubishana nawe kuhusu faida za vikao kwa ujumla, lakini kadi ya stoo iliyo mbele yake, ikiwa na tarehe, haiachi nafasi kubwa ya ubishi. Piga nakala yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya muda kwa uaminifu

Hapa wengi wanaharibu, kwa sababu wanalinganisha siku mbili na dakika 10 na kutangaza ushindi. Mkuu makini ataona upesi kwamba dakika hizo zinarudi kila siku. Warsha ya watu 14 kwa saa 8 kwa siku mbili inakula saa 224 za kazi. Kikao cha dakika 10 cha watu wote 14 kinakula saa 2 na dakika 20 kila siku, hivyo baada ya siku 96 za kazi kitakuwa kimefikia gharama ileile ya muda, na kitaendelea kuipita.

Dawa ya hesabu hiyo ni kupunguza watu. Kikao hakihitaji watumishi wote, kinahitaji mmoja kutoka kila mahali ambapo taarifa inapita: daktari wa zamu, muuguzi kiongozi, famasia, stoo, maabara na mapokezi. Watu 6 kwa dakika 10 ni saa moja ya kazi kwa siku, na sasa inahitajika siku 224 za kazi, yaani zaidi ya miezi 10, ili kufikia muda wa warsha moja. Zaidi ya hayo, dirisha la famasia halifungwi hata siku moja. Andika hesabu zote mbili katika pendekezo, ile inayokupinga na ile inayokuunga mkono, kwa kuwa mkuu akiona umeitaja mwenyewe ile mbaya ataiamini ile nzuri.

Akikuuliza kwa nini msimame, upo utafiti wa mwaka 1999 wa Allen Bluedorn na wenzake nchini Marekani, ambao ulilinganisha vikundi vya watu watano waliosimama na waliokaa wakifanya zoezi moja. Vikao vya kukaa vilichukua muda mrefu zaidi kwa takribani asilimia 34, wala maamuzi yake hayakuwa bora zaidi. Utaje kwa kiasi chake tu, kwani ulihusu vikundi vidogo na zoezi moja, na haukuthibitisha kwamba kusimama kunatibu kila kitu.

Hatua ya 3: Pendekeza muundo usioacha maswali

Mkuu hukataa jambo lisiloonekana. Kwa hiyo eleza mahali, saa, wahusika, maswali na mwisho wa majaribio, na uyaweke yote katika ukurasa mmoja. Barua iliyo ndefu kuliko kikao chenyewe inajipinga. Mfano wake ni huu:

> Kwako Mganga Mfawidhi,
>
> YAH: PENDEKEZO LA KIKAO CHA KUSIMAMA CHA DAKIKA 10
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kadi ya stoo iliyoambatishwa inaonyesha kwamba upungufu wa amoksilini ya watoto ulijulikana stoo siku tatu kabla ya kujulikana chumba cha daktari. Watumishi niliowauliza wanaufahamu utaratibu, ila taarifa haiwafikii kwa wakati.
>
> Ninapendekeza kwamba, kabla ya warsha, tufanye majaribio ya siku 10 za kazi. Wawakilishi 6 watasimama mbele ya ubao wa famasia saa 1:35 hadi 1:45 asubuhi na kujibu maswali matatu: Ni dawa gani imeshuka? Nani anashughulikia, na hadi saa ngapi? Lipi la jana halijakamilika? Suala linalohitaji mjadala litabaki kwa wahusika wake baada ya kikao.
>
> Siku ya 10 nitakuletea idadi ya vyeti vilivyorudishwa dirishani. Isipopungua, warsha iendelee kama ilivyopangwa.
>
> Naomba kuwasilisha.

Sentensi ya mwisho kabla ya kuwasilisha ndiyo yenye uzito kuliko zote. Humwombi mkuu afute uamuzi wake mbele ya watumishi, unamwomba auahirishe kwa wiki mbili, na kuahirisha ni rahisi kwa mtu yeyote mwenye cheo.

Hatua ya 4: Zungumzia posho ana kwa ana

Watumishi wengine wanaisubiri warsha kwa sababu ya posho, na mkuu anajua kwamba akiifuta atanung'unikiwa. Usiliandike hili. Mwambie mkiwa wawili kwamba fedha hiyo inaweza kubaki kwa ajili ya mafunzo ambayo hayakwepeki, kama vile mwongozo mpya wa matibabu au mfumo mpya wa kuagiza dawa, mambo ambayo hayafundishiki kwa dakika 10 watu wakiwa wamesimama.

Hatua ya 5: Linda majaribio yasigeuke

Anza kuhesabu vyeti vinavyorudishwa siku 10 kabla ya kikao cha kwanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha. Kisha angalia dalili mbili. Wasemaji wakimtazama mkuu badala ya ubao, kikao kimekuwa ripoti, na ni busara kumwomba aache muuguzi kiongozi aongoze. Jambo lilelile likikaa ubaoni siku tatu mfululizo, aliyeandikwa hana uwezo wa kulimaliza, kwa mfano pale ambapo Bohari ya Dawa yenyewe haina dawa hiyo. Jambo la namna hiyo litolewe ubaoni na kupelekwa kwa mganga mfawidhi, na siku hiyohiyo daktari aambiwe aandike dawa gani mbadala.