Kabla ya praktikali ya kuzimua dawa: mambo ya kuweka sawa mapema

Swali la kuzimua linaloangusha wengi huwa limeandikwa kwa upole sana. Tuchukue hili, la aina inayopendwa na walimu wa famasi: andaa mililita 150 za myeyusho wa potasiamu pamanganeti, kiasi kwamba mgonjwa akichukua mililita 10 na kuzifikisha lita moja kwa maji, apate myeyusho wa 1 katika 8,000 wa kulowekea mguu. Andika hesabu, tengeneza dawa, bandika lebo. Nitalitumia hilo hilo hadi karibu na mwisho, maana karibu kila kitu cha kujiandaa nacho kimo ndani yake.

Jambo la kwanza ni kujua kusoma nguvu ya dawa bila kusitasita, kwa sababu ndani ya chumba cha mtihani hakuna muda wa kukumbuka. Kwa kitu kigumu kilichoyeyushwa, asilimia 1 ya uzito kwa ujazo ni gramu 1 ndani ya mililita 100 za myeyusho uliokamilika, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. 1 katika 8,000 ni gramu 1 ndani ya mililita 8,000. Hizi ni lugha mbili za kitu kimoja, na mtahini ana haki ya kuchanganya zote mbili kwenye swali moja. Jizoeze mpaka ukisikia adrenalini 1 katika 1,000 ulimi useme wenyewe miligramu 1 kwa mililita, na ukisikia lidokaini asilimia 2 useme miligramu 20 kwa mililita.

Sasa hesabu. Kosa linalojitokeza zaidi ni kukamata namba mbili zilizo karibu, 150 na 8,000, na kugawanya. Inatoka gramu 0.01875, na mwanafunzi anaendelea kwa amani. Lakini 1 katika 8,000 haimo kwenye chupa unayotengeneza; imo kwenye beseni la mgonjwa. Kwa hiyo anza kwenye beseni na urudi nyuma. Lita moja ni mililita 1,000, na 1,000 ukigawa kwa 8,000 ni gramu 0.125, sawa na miligramu 125. Miligramu hizo zote zimetoka wapi? Kwenye zile mililita 10 alizochukua mgonjwa, kwa maana maji ya bomba hayana pamanganeti. Basi kila mililita 10 za chupa yako zibebe miligramu 125, na mililita 150 ni mara 15 ya hizo: miligramu 1,875, au gramu 1.875.

Usiende kwenye mizani kabla ya kuhakiki kwa njia nyingine. Kutoka mililita 10 hadi 1,000 dawa inazimuliwa mara 100. Chupa yako basi lazima iwe na nguvu mara 100 ya beseni: 1 katika 80, ambayo ni asilimia 1.25. Mililita 150 za asilimia 1.25 ni gramu 1.875. Njia mbili zimekutana. Fomula ya C1V1 = C2V2 nayo ingekufikisha hapo, na sina ugomvi nayo, ila huwa inatumiwa na watu ambao hawajaamua bado C2 ni ya chupa au ya beseni, na hapo inawapa jibu bovu kwa unadhifu mkubwa.

Baada ya jibu kupatikana, kuna maswali mawili ambayo karatasi haikuulizi lakini kaunta itakuuliza. Je, kitayeyuka? Pamanganeti huyeyuka kwa takriban gramu 1 katika mililita 16 za maji yenye joto la kawaida, yaani asilimia 6 na kidogo. Asilimia 1.25 iko salama. Lakini badili swali kidogo, mgonjwa achukue mililita 2 tu kwa lita, akihitaji 1 katika 4,000. Hesabu itakupa asilimia 12.5, na hiyo haiyeyuki hata ukikoroga mpaka jioni. Andika hivyo kwenye karatasi na upendekeze kipimo kikubwa zaidi cha kuzimulia.

Swali la pili: je, mizani inaweza kukipima? Mizani ya kupimia dawa ya aina ya zamani, yenye usikivu wa miligramu 6, ukikubali kosa lisilozidi asilimia 5, haipaswi kupima chini ya miligramu 120 (6 mara 100, gawa kwa 5). Gramu 1.875 inapita bila shida. Lakini lile jibu la mwanzo, gramu 0.01875, ni miligramu 19 hivi, mbali chini ya mpaka. Mizani ingekuwa imekuonya. Ukikuta uzito wa ajabu wa namna hiyo, soma swali upya kabla ya kutafuta mbinu ya kuupima.

Wakati mwingine uzito mdogo ni wa kweli. Ukiambiwa uandae mililita 50 za 1 katika 10,000 na si vinginevyo, unahitaji miligramu 5. Hapo unapima zaidi na kuchukua sehemu: miligramu 200 ziyeyushwe na kufikishwa mililita 100, kila mililita inakuwa na miligramu 2, kisha chukua mililita 2.5 na uzifikishe 50. Hizo 2.5 usizipime kwa silinda ya mililita 50. Kanuni ninayoishikilia ni kutopima chini ya sehemu moja ya tano ya uwezo wa chombo, kwa hiyo hapa ni pipeti au bomba la sindano la mililita 5. Utamwaga karibu yote iliyobaki, ndiyo. Karatasi ikiuliza kwa nini, jibu ni usahihi.

Vyombo vyenyewe viandae ukijua tabia ya pamanganeti. Ni kioksidishaji kikali. Ikigusa karatasi, kizibo cha gome au mpira, inavishambulia na yenyewe kuharibika, ikiacha masalia ya kahawia. Kwa hiyo pima juu ya kioo cha saa badala ya karatasi, na kama lazima uchuje, chuja kwa pamba ya kioo au kichujio cha kioo, kamwe si karatasi ya kuchujia. Iweke mbali na gliserini: vikikutana vikavu vinaweza kuwaka moto. Vidole vitakuwa vya kahawia kwa siku kadhaa usipovaa glavu.

Kuyeyusha kwenyewe kunahitaji subira kwa sababu moja ambayo mwongozo wa maabara huipita haraka: myeyusho ni mweusi kiasi kwamba huoni fuwele zilizobaki chini ya bika. Mwanafunzi anakoroga mara tatu, anaona zambarau nzito, anamimina kwenye silinda na kuongeza maji hadi 150. Nusu gramu inabaki imelala kwenye bika. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, mililita 100 hivi, koroga, kisha inamisha bika na utazame pembe ya chini dhidi ya mwanga. Ukisikia mchakacho chini ya kijiti cha kioo, bado. Mimina kwa uangalifu kwenye silinda, ongeza maji kidogo kwenye bika kwa mabaki, rudia hadi bika iwe safi, na maji yote hayo ya kusuuzia yaingie kwenye silinda kabla hujafikisha alama.

Na alama utaisomaje? Kwa maji ya kawaida tunasoma sehemu ya chini ya uso uliopinda. Hapa sehemu hiyo haionekani, giza tupu. Soma ukingo wa juu, jicho likiwa sawa na alama, na usome hivyo hivyo kila mara.

Tofauti kati ya kuongeza na kufikisha iko hapo hapo. Mgonjwa akichukua mililita 10 na kuongezea lita nzima ya maji, anapata mililita 1,010, na nguvu inashuka hadi kama 1 katika 8,080. Hakuna atakayedhurika. Lakini chukua mililita 20 za kloroheksidini asilimia 5 ukitaka asilimia 1: zikifikishwa 100 ni sawa, ukiziongezea 100 unapata asilimia 0.83, na hiyo si dawa uliyoagizwa. Kadiri unavyozimua kidogo ndivyo kosa linavyokua.

Spiriti ina mtego wake. Kutoka asilimia 95 kupata mililita 500 za asilimia 70, zote kwa ujazo, hesabu ni 500 mara 70 gawa kwa 95, yaani mililita 368.4. Wengi huandika "ongeza maji mililita 131.6". Pombe na maji vikichanganyika vinapata joto na jumla ya ujazo hupungua, hivyo hutafika 500, na ulichonacho kitakuwa kikali kuliko asilimia 70. Ongeza maji hadi karibu na alama, acha kipoe, ndipo ufikishe 500. Kwenye karatasi usiandike kiasi cha maji kabisa. Andika "maji hadi mililita 500".

Rudi kwenye pamanganeti kwa lebo, ambako alama huokotwa au kupotea bila hesabu yoyote. Chupa ya kioo ya rangi ya kahawia. Jina na nguvu: potasiamu pamanganeti asilimia 1.25. Usiandike 1 katika 8,000, kwani hiyo ni nguvu ya beseni, na mgonjwa au muuguzi akiisoma kwenye chupa ataimimina bila kuzimua na kuunguza ngozi. Maelekezo yaandikwe kwa namna ambayo mtu asiye na silinda nyumbani anaweza kufuata, na kipimo cha mililita 10 kiende pamoja na chupa. Kisha "Izimuliwe kabla ya kutumia" na "Kwa matumizi ya nje tu", kwa herufi zinazoonekana. Mwambie pia kwamba rangi si kipimo cha nguvu, lakini ikigeuka kahawia dawa imekwisha kazi na imwagwe.

Kwenye karatasi ya maswali, andika kizio kwenye kila mstari, na si kwenye jibu tu. Mstari unaosema "1,000 ÷ 8,000 = 0.125" hausemi kitu; "mililita 1,000 × gramu 1 ÷ mililita 8,000 = gramu 0.125" unajihakiki wenyewe, na hata ukikosea baadaye mtahini anaona ulichokuwa ukifanya. Sifuri itangulie nukta, 0.125 wala si .125, na 5 iandikwe 5, si 5.0, kwa sababu nukta iliyofifia hugeuza 5.0 kuwa 50. Kama mizani imesoma gramu 1.88, andika 1.88 kwenye rekodi ya kazi yako. Gramu 1.875 ni ya hesabu. Rekodi ni ya ulichopima.