Kabla ya kurisiti Hesabu kidato cha nne: tafuta kwanza alama zilipopotelea

Matokeo ya NECTA yanakupa herufi moja tu kwa kila somo. F ya Hesabu inasema umepata chini ya 30 kwa 100, lakini haisemi kama ni matriki iliyokuangusha, au logi, au swali ulilolijua ukaishiwa muda. Ndiyo maana wengi wanaorisiti hurudia silabasi yote tangu kidato cha kwanza, wanafika kidato cha tatu mwezi Septemba, na Novemba wanaingia chumba cha mtihani na mashimo yaleyale.

Kabla ya kununua kitabu au kulipia tuisheni, tafuta mambo matatu. Kwanza ni karatasi yenyewe uliyofanya, ile ya mwaka wako, si ya mwaka mwingine. Pili ni taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa wa mwaka huo, ambayo NECTA huiweka kwenye tovuti yake. Inapitia swali kwa swali, ikionyesha sampuli za majibu mazuri na mabovu pamoja na sababu za watahiniwa kukosea. Tatu ni fomati ya mtihani ya mwaka utakaorisiti, kwa sababu mitaala inabadilika na fomati hufuata.

Kwa fomati iliyozoeleka, mtihani ni wa saa 3 na una maswali 14, yote ya lazima. Sehemu A ina maswali 10 ya alama 6 kila moja, na sehemu B maswali 4 ya alama 10 kila moja. Kikokotoo hakiruhusiwi, unachoingia nacho ni jedwali la hesabu la NECTA. Anayejisomea huku simu iko mkononi hujiona anaelewa logi, kumbe kutafuta namba kwenye jedwali hajui.

Sasa kaa ufanye upya karatasi yako, kwa saa 3 kamili, bila daftari. Usiandike jibu ulilojifunza baada ya mtihani. Andika ulichoandika siku ile kadiri unavyokumbuka, na palipokuwa patupu pabaki patupu. Mpe mwalimu wa Hesabu asahihishe kwa kutoa alama za hatua, si za jibu la mwisho pekee. Kisha pembeni ya kila alama iliyopotea weka herufi: J kama hukujua kabisa, K kama njia uliijua ukakosea katikati, L kama Kiingereza cha swali kilikupotosha, M kama muda uliisha. Herufi hizi zina kazi, kwa sababu dawa zake hazifanani. Penye J unahitaji kufundishwa, penye K mazoezi machache yaliyolengwa, penye L kusoma maswali ya maelezo na kuyatafsiri kabla ya kukokotoa, na penye M saa mezani.

Hapo ndipo wengi huharibu: wanaandika "Takwimu" kwenye orodha na kuendelea. Takwimu ni mada, si shimo. Tuchukue jedwali la alama za wanafunzi 40: daraja la 40–49 lina wanafunzi 4, 50–59 lina 10, 60–69 lina 16, 70–79 lina 7, na 80–89 lina 3. Wastani umepatikana sawasawa, lakini kipengele cha kutafuta mediani kimekosewa. Nusu ya 40 ni 20, na mtu wa 20 yumo katika daraja la 60–69, kwa kuwa kabla yake kuna watu 14. Mediani ni

```
59.5 + ((20 - 14) / 16) × 10 = 63.25
```

Aliyeandika 63.75 ameanzia 60 badala ya mpaka halisi wa daraja, 59.5. Aliyepata takribani 62.88 ametoa 60 kwenye 69 akapata upana wa 9 badala ya 10. Wote wawili wana shimo moja dogo: mipaka halisi ya madaraja. Hilo ndilo la kuandika kwenye mpango, na linazibika jioni moja au mbili. Kurudia Takwimu yote kungekula wiki mbili.

Wakati mwingine shimo haliko hata kwenye mada husika. Determinanti ya matriki yenye 3 na −2 juu, 4 na 1 chini, ni (3 × 1) − (−2 × 4), yaani 3 + 8 = 11. Ukikuta −5, huyo anaijua kanuni ya matriki. Kilichomwangusha ni kutoa namba hasi. Ukimrudisha kwenye matriki atakosea tena, na atakosea hivyohivyo kwenye aljebra na jiometri ya viwianishi.

Karatasi moja haiulizi kila kitu, kwa hiyo pima na mitihani miwili ya miaka mingine. Shimo lililojitokeza katika karatasi mbili kati ya tatu ni la kweli. Lililotokea mara moja liwekee alama ya kuuliza, usilitengee wiki.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya mpango inapoingia. Tuseme kijana amepata 22 na anataka C, inayoanzia 45. Anahitaji alama 23 zaidi. Miongoni mwa alama alizopoteza kuna matriki 10 (hakuigusa), takwimu 7, mfuatano na mfululizo 6, logi 5, seti na uwezekano 4, faida na hasara 4. Jumla ni 36. Hatazirudisha zote, akirudisha robo tatu ni 27, na 22 zake zikibaki anafika 49. Mada hizo sita zinatosha. Dunia kama tufe, kama inampa homa, aiache mpaka hizi zikae. Ila 22 zile si akiba iliyofungiwa benki, maana maswali yatabadilika, hivyo siku moja kwa wiki iwe ya mada alizopata.

Kila shimo lipe kurasa mbili zinazotazamana kwenye kauntabuku. Kushoto nakili kosa lako kama lilivyokuwa, bila aibu. Kulia weka njia sahihi, na chini yake sentensi moja ya sababu, mfano "nimejumlisha logi kwa kujumlisha namba: log 2 + log 50 ni log 100, yaani 2, si log 52". Kisha chagua maswali matano ya aina hiyo kutoka mitihani ya miaka tofauti, na uandike tarehe tatu za kujipima: baada ya siku 3, siku 10 na siku 30. Wanaosahau tarehe ya tatu ndio wanaosema "nilijua kabisa, sijui imekuwaje".

Shimo limezibika ukipata maswali manne kati ya matano bila kufungua daftari na ndani ya muda. Swali la alama 6 lipe dakika 10, la alama 10 dakika 18. Hapo zinabaki dakika 8 za kukagua. Ukipata yote matano kwa dakika 25 kila moja, shimo bado lipo, limebadilika tu kutoka J kwenda M.

Wiki tatu kabla ya mtihani, fanya karatasi ambayo hujawahi kuiona. Mada uliyoifunga ikikupa chini ya nusu ya alama zake, fungua ukurasa wake uone ni tarehe ipi ya kujipima uliyoiruka.