SOMO: Kukagua kama bango, Instagram, mfuko na risiti vinasema duka moja

Naandika mara moja niwe natuma linki, maana kila wiki mtu ananiuliza "kaka nitengenezee logo mpya" wakati logo hana shida nayo. Shida yake ni kwamba duka lina sura nne.

Mfano ni duka la viungo pale Ngamiani. Jina lake silitaji, tuliite Karafuu Tamu.

1. Toa cheti cha BRELA. Jina lilivyoandikwa pale ndilo la kulinganishia, si lile unalolipenda.

2. Kusanya. Piga picha bango, piga skrinishoti ya ukurasa, chukua mfuko mmoja wa kila saizi na risiti ya leo.

3. Chora jedwali la jina, simu, rangi na mahali, kisha nakili herufi kwa herufi. Karafuu Tamu walikuwa na "KARAFUU TAMU" kwenye bango, "karafuutamu_tz" Instagram, "Karafuu Tamu Viungo" kwenye mfuko, na risiti ya EFD ikitoa majina matatu ya mama mwenye duka. Namba za simu zipige zote, usizisome tu. Ya kwenye bango ilipokelewa na kijana asiyejua hata karafuu.

4. Rangi. Hapa niliwahi kuharibu kazi ya mtu, kwa hiyo soma taratibu. Nilipiga picha bango na mfuko kwa simu, bango juani, mfuko ndani chini ya tyubu laiti. Nikaona nyekundu ya bango imeelekea waridi, ya mfuko imeiva. Nikamwambia mteja mfuko umekosewa, akachapisha 2,000 mipya kufuata bango. Kumbe bango ndilo lililochujuka: jua linakula wino wa njano na wa waridi kabla ya mwingine, na nyekundu imechanganywa na hao wawili. Nilijua siku fundi alipofungua skrubu za fremu. Ule ukingo wa fleksi uliokunjwa nyuma ulikuwa mwekundu vilevile kama mfuko wa zamani. Fidia nililipa mimi.

Kwa hiyo: USILINGANISHE rangi kwenye picha. Peleka mfuko hadi kwenye bango, mahali penye kivuli, mchana, uviangalie pamoja kwa macho. Bango lililokaa juani angalia ukingo uliojificha. Na faili la logo tafuta la awali kwa mchoraji. Lililopita WhatsApp kama picha limeshapunguzwa.

5. Risiti. Jina linalotoka ni la usajili wa TRA, hulibadilishi kwa vitufe vya mashine. Angalia pia jina linalotokea mteja akiingiza Lipa Namba yako. Wateja wa yule mama walikuwa wanasita hapo, wanapiga simu kuuliza "huyu ni nani?" kabla ya kutuma.

6. Anza kurekebisha kinachozuia hela: simu na Lipa Namba. Mifuko isubiri stoku iishe.

MASWALI

Mdau wa Chumbageni: Mkuu nimesoma juujuu, nianze na logo?
— Rudi namba 1.

Mdau wa Chumbageni: Si ungejibu tu.
— Nimejibu. Logo haimo kwenye somo hili.

Binti wa Pangani: Shikamoo kaka. Kijani changu kwenye simu kinawaka, kwenye mfuko kimefifia. Mchapaji kaniibia?
— Marahaba dada, swali zuri. Hajakuibia. Simu inatoa mwanga, wino hautoi, na kijani cha kung'aa namna hiyo wino wa kawaida haukifikii. Mwombe akuchapie vipande vitano vya kijani kwenye karatasi ileile ya mfuko, chagua kimoja, ukikate, ukihifadhi kwenye bahasha kizani. Kisha ya Instagram ndiyo uishushe ifanane na hicho kipande. Ya simu inashuka, ya mfuko haipandi.

Muuza asali: Risiti ya EFD inatoa jina langu binafsi. Nitoe ya kitabu yenye logo badala yake?
— Hapana! Ya kitabu haichukui nafasi ya EFD. Nenda TRA na cheti cha BRELA uulize kuhusu jina la biashara. Wakati unasubiri, bandika karatasi kaunta: "Risiti na Lipa Namba vitatoa jina la…" Yule mama alifanya hivyo, simu zikapungua.

Binti wa Pangani: Na jina la Instagram nilibadilishe leo lifanane?
— Limechapwa kwenye mifuko? Kama limechapwa, ngoja. Ukibadilisha, anayeandika la zamani hakupati, na mtu mwingine anaweza kulichukua.

Binti wa Pangani: Limechapwa. Imebaki kama 300.
— Basi uza hiyo 300 kwanza, dada.