Somo: Kumwandikia mzazi ujumbe mfupi mtoto anapopiga wenzake

Somo hili ni kwa walimu wa madarasa ya chini, na linahusu ujumbe wa simu wa kwanza kabisa, ule unaomfikia mzazi kabla hajasikia habari kwa mtu mwingine. Nitatumia kisa cha mvulana wa darasa la pili niliyemfundisha, ambaye nitamwita Juma ingawa si jina lake.

Hatua ya kwanza: andika ulichokiona kabla ya kumwandikia mzazi

Kwa siku tano, kila Juma alipompiga mwenzake, niliandika kwenye daftari mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya, na kilichofuata. Kabla ya hapo ningeapa kwamba anapiga watu siku nzima. Daftari lilionyesha mapigo matatu tu, na yote yalitokea saa nne asubuhi kwenye foleni ya uji. Jumatano nilisimama karibu nikaona vizuri: mtoto wa nyuma alimsukuma, uji ukamwagika kutoka kwenye kikombe cha plastiki hadi kwenye vidole vyake, naye akageuka na kumpiga ngumi ya bega bila kusema neno.

Safu ya tatu, ya kilichofuata, ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kila alipopiga, mwalimu wa zamu alimtoa kwenye msukumano na kumsimamisha mbele ya foleni ili kuwatenganisha. Sisi wenyewe tulikuwa tukimfundisha kwamba ngumi huondoa msukumano na kuharakisha uji. Baada ya kuliona hilo, sikuweza tena kumwandikia mama yake kana kwamba tatizo lote limetoka nyumbani.

Hatua ya pili: anza kurekebisha upande wa shule

Anza hata kama ni kwa jambo dogo, na ulifanye kabla ya kutuma ujumbe. Mzazi anayeombwa ushirikiano na mtu ambaye hajafanya lolote huona kwamba anatupiwa mzigo. Mimi nilianza kusimama kwenye foleni, nikaacha nafasi kati ya watoto, na nikamzoeza Juma kusema "usinisukume" kwa sauti inayosikika. Tulilifanyia mazoezi neno hilo darasani, mbali na foleni, akiwa ametulia.

Hatua ya tatu: andika

Ujumbe tuliozoea kutuma huwa hivi: "Mzazi, mtoto wako ni mkorofi, anapiga wenzake kila siku. Fika shuleni kesho saa mbili bila kukosa." Neno "mkorofi" linamhukumu mtoto mzima badala ya kutaja tendo, "kila siku" si kweli, na "bila kukosa" ni lugha ya wito wa baraza. Mama anayeuza mboga sokoni akiupokea, atapoteza mauzo ya asubuhi, na mara nyingi fimbo itatangulia kabla hajafika shuleni.

Huu ndio niliotuma:

"Habari za leo, Mama Juma. Ni mwalimu wake wa darasa. Juma ni mzima na yupo darasani. Wiki hii amewapiga wenzake mara tatu, zote kwenye foleni ya uji, anaposukumwa. Foleni hatukuisimamia vizuri. Tangu jana nasimama hapo mwenyewe na namfundisha kusema usinisukume. Naomba asiadhibiwe kwa hili, tumeshalishughulikia hapa. Naomba unisaidie jambo moja: akikasirika nyumbani, nini humtuliza? Nitakupigia leo saa 12 jioni, au niambie saa inayokufaa."

Kauli ya kwamba mtoto ni mzima inakuja mapema kwa sababu mzazi akiona namba ya mwalimu saa za masomo, huwaza ajali. Idadi na mahali vimetajwa ili asidhani mwanawe anapiga kila mtu, kila mahali. Ombi la kutomwadhibu limeandikwa waziwazi, kwa kuwa mzazi anayeona aibu huamini kwamba mwalimu anatarajia amchape mtoto, na kwamba asipofanya hivyo ataonekana hajali. Swali la mwisho ni la kweli: jibu lake analo yeye, mimi sina. Epuka kuuliza "kuna tatizo gani nyumbani?", maana swali hilo limeshabeba tuhuma, na mtu humjibu askari hivyo, si mwenzake.

Ujumbe huu una herufi zipatazo 440 pamoja na nafasi. Meseji moja ya kawaida hubeba herufi 160, na zikiunganishwa kila moja hubeba 153, kwa hiyo huu hukatwa kama meseji tatu. Ukitia emoji hata moja, nafasi hushuka hadi herufi 70 kwa meseji moja, au 67 zikiunganishwa, na gharama hupanda. Usiuweke kamwe kwenye kundi la wazazi, hata bila kutaja jina, kwa sababu watoto watakuwa wameshataja.

Hatua ya nne: piga simu saa uliyoahidi

Mama Juma aliniambia kwamba nyumbani Juma hulala chumba kimoja na kaka zake wakubwa wawili, na kwamba akikasirika humpa maji ya kunywa na kumwacha akae peke yake mlangoni. Tulikubaliana kwamba shuleni naye aweze kutoka kwenye foleni na kusimama kando ya mtungi wa maji bila kupoteza zamu yake, na kwamba nitamtumia habari kila Ijumaa, nzuri au mbaya. Wiki ya kwanza Juma alimpiga mwenzake mara moja. Ya pili hakumpiga mtu, na Ijumaa hiyo nilimwandikia mama yake sentensi moja tu.

Maswali ya walimu

*Mwalimu, mwanafunzi wangu analelewa na bibi, na simu ni ya mjomba. Nifanyeje?*

Usiandike kisa chote kwenye simu ya mtu mwingine. Andika: "Shikamoo. Ni mwalimu wa darasa. Mtoto ni mzima. Naomba kuzungumza na Bibi leo jioni kuhusu maendeleo yake." Mengine mweleze Bibi kwa mdomo. Usimtume mtoto na barua, kwani huko ni kumbebesha mashtaka yake mwenyewe.

*Mzazi akijibu kwamba mwanawe hapigi, bali anachokozwa?*

Huenda amesema nusu ya ukweli. Juma kweli alisukumwa. Mjibu: "Ni kweli alisukumwa, na hilo tunalishughulikia. Ninachotaka tumsaidie ni namna ya kujibu bila kupiga." Usimtumie ukurasa wa daftari kama ushahidi wa kesi, wala usitaje jina la mtoto mwingine.

*Na mzazi wa aliyepigwa akitaka kujua ni nani?*

Mweleze kilichompata mwanawe, hali yake, na mlichobadilisha. Jina usilitoe, wala usiwakutanishe wazazi hao wawili getini wakiwa na hasira.

*Nilituma ujumbe kama huo, na kesho yake mtoto alikuja na alama za fimbo mgongoni.*

Hapo ujumbe mfupi hautoshi tena, na usitume mwingine. Mpe mtoto nafasi ya kusema bila kumhoji mbele ya wenzake, andika ulichokiona pamoja na tarehe, na umjulishe mwalimu mkuu siku hiyo hiyo ili ofisa ustawi wa jamii ahusishwe. Hapa Tanzania unaweza pia kupiga 116, simu ya msaada kwa mtoto, ambayo haitozwi.