Panga barua kwa siku ya kujibu

Wiki yake ya kwanza, msaidizi wetu mpya alipanga barua za mkurugenzi kadiri zilivyoingia, mpya juu. Tarehe 11 tukakuta chini kabisa barua iliyotaka majibu kabla ya tarehe 12. Aliumia sana, na mimi nilijilaumu kwa kutomwelekeza mapema.

Sasa akishafungua barua anaigonga muhuri wa kupokelewa, anaiingiza kwenye rejista, kisha anaisoma akitafuta siku ya mwisho ya kujibu. Siku hiyo anaiandika kwa penseli kwenye kona, na iliyo karibu zaidi ndiyo inakaa juu. Ujumbe wa simu anaupanga vivyo hivyo. Bahasha yenye neno "Siri" haifungui. Muhuri anaugonga juu ya bahasha na kumkabidhi mkurugenzi mkononi.