Kugawa pipi zinazofanana kwa nyota na vijiti

Unapotumiwa picha ya swali la idadi ya njia za kugawa pipi 10 zinazofanana kwa watoto 4, kuza kwanza ukingo wa picha utafute maneno "kila mtoto apate angalau moja", kwani hayo huweza kukatwa, nayo hubadilisha jibu lote. Yasipokuwepo, chora nyota 10 zinazowakilisha pipi na vijiti 3 vya kutenganisha mafungu ya watoto, kisha uchague nafasi 3 za vijiti kati ya 13, yaani C(13,3) = 286. Yakiwepo, mpe kila mtoto pipi moja kwanza; zitabaki 6, na jibu litakuwa C(9,3) = 84. Pipi zikitofautiana, njia hii haifai: kila pipi ina watoto 4 wa kuichukua, hivyo bila sharti hilo ni 4^10.